Mafuta ya Kukaangia Yanapochakaa Karaini

Muuza chipsi anapotumbukiza viazi vibichi karaini, mafuta hulipuka kwa kelele na mapovu makubwa hupanda hadi karibu na ukingo. Wengi hudhani mafuta ndiyo yanayochemka, kumbe kinachochemka ni maji ya kiazi. Karibu sehemu nne kwa tano za kiazi kibichi ni maji, na kiazi kikikutana na mafuta yenye nyuzijoto 175 hivi, maji hayo hugeuka mvuke na kupita katikati ya mafuta yakitafuta njia ya kutokea. Mafuta yenyewe hayachemki. Yakizidishiwa moto, hutoa moshi na hatimaye kuwaka.

Safari hiyo ya mvuke ni mwanzo wa kuchakaa kwa mafuta, na hapo ndipo pa kuanzia kujibu swali linaloulizwa majumbani na vibandani: je, mafuta yaliyokwisha kukaangia yanafaa kutumika tena? Yanafaa, lakini yana ukomo, na ukomo huo haupimiki vizuri kwa kuhesabu mara. Mafuta yaliyokaanga maandazi kwa dakika 20 yametumika mara moja. Mafuta yaliyokaa juu ya jiko tangu asubuhi hadi usiku nayo, kwa hesabu hiyo, yametumika mara moja. Kinachoyatofautisha ni saa yalizokaa motoni, ukali wa moto, aina ya mafuta na kilichokaangwa humo.

Maji, hewa na joto

Mafuta ya kula, yawe ya alizeti, ya mawese au ya soya, yamejengwa kwa molekuli za umbo moja. Kila molekuli ina kiini kidogo kiitwacho gliseroli, na kiini hicho kimeshika mikia mitatu mirefu, ambayo ndiyo asidi za mafuta. Mikia hiyo ikiwa mizima na imeshikamana na kiini chake, mafuta huwa mepesi, hayana harufu kali na huvumilia moto mkubwa bila kutoa moshi.

Maji ya chakula ndiyo ya kwanza kuyavuruga. Mvuke ukipita kwenye mafuta ya moto, hung'oa baadhi ya mikia kutoka kwenye viini vyake. Asidi za mafuta zilizong'oka huteremsha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kutoa moshi. Mafuta ya alizeti au mawese yaliyosafishwa kiwandani huanza kutoa moshi yakipita nyuzijoto 220, lakini yakichakaa hutoa moshi katika joto lilelile la kukaangia chipsi. Moto haujaongezwa, ni mafuta yaliyopoteza uvumilivu wake. Gliseroli iliyobaki bila mikia nayo huungua ikawa akrolini, gesi inayochoma macho na kukereta koo la anayesimama mbele ya karai.

Hewa hufanya kazi tofauti. Oksijeni huingia kupitia uso wa mafuta na kushambulia mikia katika sehemu zake dhaifu. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana sehemu hizo nyingi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya asidi zake ni linoleiki, ambayo hudhurika na hewa kwa haraka. Mafuta ya mawese yaliyosafishwa yana asidi hiyo kwa kiasi kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi, ndiyo maana hustahimili kukaangia kwa saa nyingi zaidi. Kwa hiyo mafuta yanayosifiwa kwa afya mezani si lazima yawe ndiyo yanayodumu karaini. Vitamini E iliyomo kwenye mafuta huyakinga kwa muda kwa kujitoa yenyewe kwanza. Ikiisha, kuharibika hushika kasi.

Oksijeni ikishaingia, mikia hukatika vipande vidogo viitwavyo aldehidi. Baadhi ya vipande hivyo ndivyo vinavyotoa harufu nzuri ya chakula cha kukaangwa. Vingine ni vya kuogopwa, na kimojawapo wanasayansi hukiita kwa kifupi HNE, ambacho hujishikiza kwenye protini za mwili na kuzivuruga. Saari Csallany na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walipasha mafuta ya soya hadi nyuzijoto 185 na kuona HNE ikiongezeka kadiri saa zilivyopita. Walipokaanga viazi humo, waliikuta ndani ya viazi vyenyewe pia. Kilichomo kwenye mafuta huingia sahanini.

Joto nalo huunganisha upya kilichovunjika. Molekuli zilizodhurika hushikana mbilimbili na tatutatu zikawa kubwa na nzito, na mafuta huanza kuwa mazito. Ule ulimbo wa kahawia unaoganda kwenye kingo za karai, ambao hautoki kwa sabuni hata kwa steli waya, ni mafuta yaliyoshikana namna hiyo.

Mafuta mapya sana si lazima yakaange vizuri

Wapishi wa siku nyingi wanajua kwamba chipsi za kwanza kwenye mafuta mapya hutoka nyeupe na hazina ladha ya kutosha. Sababu yake ipo. Mafuta mapya na maji havipatani, na kila kiazi huzungukwa na mvuke unaoyasukuma mafuta mbali. Mafuta yakishatumika kidogo, hutengeneza vitu vinavyofanya kazi ya sabuni, yaani kuyapatanisha maji na mafuta. Mafuta hugusa chakula vizuri zaidi, joto huingia, na chipsi huiva kwa rangi ya dhahabu. Mtaalamu wa Kimarekani Michael Blumenthal aligawa maisha ya mafuta ya kukaangia katika hatua kadhaa kwa kufuata mabadiliko hayo: mafuta mapya, mafuta yaliyofikia ubora wake, kisha yanayoelekea kuharibika na mwishowe yaliyoharibika kabisa.

Sabuni hiyohiyo ikizidi, mambo hugeuka. Mafuta hung'ang'ania chakula, nje huwahi kuwa kweusi wakati ndani bado hakujaiva, na chakula kikiopolewa hubaki na mafuta mengi. Sehemu kubwa ya mafuta yanayoliwa pamoja na chipsi huingia pale zinapotolewa karaini na kuanza kupoa, maana mvuke wa ndani hupungua na mafuta yaliyoganda juu hunyonywa. Mafuta mazito hayachuruziki upesi, kwa hiyo hunyonywa zaidi. Chipsi zinazolowesha karatasi mpaka ikawa angavu mara nyingi zimetoka kwenye mafuta yaliyochoka, au kwenye mafuta yasiyo moto wa kutosha.

Maabara na mamlaka za chakula hupima uchakavu kwa kuangalia jumla ya kampaundi za polari, yaani molekuli zote zilizokwisha kuvunjika, kushikwa na oksijeni au kushikana zenyewe kwa zenyewe. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka ukomo karibu na asilimia 25. Ufaransa na Hispania ni asilimia 25, Ujerumani ni 24. India iliweka ukomo wa asilimia 25 kuanzia Julai 1, 2018. Maana yake ni kwamba robo ya kilichomo karaini si mafuta tena kama yalivyonunuliwa. Vipo vipimo vya mkononi vinavyochovywa kwenye mafuta ya moto na kuonyesha asilimia hiyo papo hapo, na hoteli kubwa huvitumia.

Vibanda viwili, karai mbili

Kibandani hakuna kipimo, lakini hesabu inaweza kufanyika. Chukua karai lenye lita 5 za mafuta na muuzaji anayekaanga kilo 20 za viazi vilivyomenywa kwa siku. Kila kilo ya viazi hupoteza zaidi ya nusu kilo ya maji kabla ya kuwa chipsi, na hunyonya kama gramu 50 za mafuta. Jioni ikifika, zaidi ya lita 10 za maji zimepita kama mvuke ndani ya lita 5 za mafuta, na kilo moja ya mafuta, ambayo ni zaidi kidogo ya lita moja, imeondoka na wateja. Kesho yake muuzaji huongeza lita moja mpya kufidia.

Kuongeza huko kunasaidia, ila hakufuti yaliyopita. Kila siku sehemu moja kwa tano ya mafuta hubadilishwa, na nne hubaki. Baada ya siku tano za kuongeza, kama theluthi moja ya yaliyomo karaini bado ni mafuta ya siku ya kwanza. Baada ya siku kumi, bado imebaki sehemu moja ya kumi. Tena mafuta ya zamani huyaambukiza mapya, kwa kuwa molekuli zilizokwisha kushikwa na oksijeni huanzisha uharibifu kwenye zile nzima. Dumu jipya linalomiminwa juu ya mafuta yaliyochakaa huzeeka upesi kuliko lingetumika peke yake.

Sasa jirani yake ana karai lilelile la lita 5, lakini wateja ni wachache. Anakaanga kilo 4 tu kwa siku. Mafuta yanayoondoka ni kama gilasi moja, kwa hiyo anaongeza gilasi moja. Baada ya siku kumi, theluthi mbili za mafuta yake ni yale ya mwanzo. Na kuna la ziada. Chipsi zinapokaangwa, mvuke unaotoka hufunika uso wa mafuta, huizuia hewa kwa kiasi na kuondoka na baadhi ya vitu vyenye harufu mbaya. Mafuta yanayokaa juu ya moto bila chakula, yakisubiri mteja, hayana kinga hiyo. Hewa huyapata wazi, tena yakiwa moto.

Ndiyo maana kibanda chenye foleni mara nyingi huwa na mafuta mazuri kuliko kile kilichopooza, ingawa kimekaanga viazi mara tano zaidi. Kwa muuzaji mwenye wateja wachache, dawa ni karai dogo lenye mafuta machache na moto unaopunguzwa kila mteja anapoondoka. Kwa kukadiria, kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika hukaribia kuwa maradufu, kwa hiyo kushusha moto wakati wa kusubiri kunaokoa mafuta mengi.

Chakula chenyewe nacho kina mchango. Samaki aliyepakwa unga, kuku aliyetiwa viungo na bajia huacha chenga zinazozama chini na kuungua. Chenga hizo huyatia mafuta weusi na uchungu, na huharakisha kuharibika. Chumvi ikinyunyizwa juu ya karai badala ya kwenye chipsi zilizokwisha kuopolewa, nayo huongeza madhara. Shaba ni mbaya zaidi: hata kiasi kidogo sana cha madini hayo huongeza kasi ya oksijeni kuharibu mafuta. Chuma kilichoshika kutu hufanya vivyo hivyo. Sufuria ya stenlesi haina tatizo hilo.

Dalili zinazoonekana kwa macho

Rangi ndiyo kipimo kinachotumiwa na watu wengi, na ndiyo inayodanganya zaidi. Mafuta yaliyokaanga kuku wa viungo huwa meusi mapema kwa sababu ya chenga na sukari ya kwenye viungo, hata kama molekuli zake nyingi bado ni nzima. Mafuta yaliyokaangia viazi peke yake kwa siku nyingi yanaweza kubaki na rangi ya chai nyepesi na huku yamechakaa.

Povu linasema ukweli zaidi. Katika mafuta mazima, mapovu ni makubwa, hupasuka upesi, na chakula kikiopolewa uso hutulia mara moja. Katika mafuta yaliyochoka, mapovu ni madogo, ya manjano, yanayojikusanya kama povu la sabuni, hupanda ukingoni na hubaki hata baada ya chipsi kutolewa. Dalili ya pili ni moshi: mafuta yakianza kufuka katika joto la kukaangia, kabla chakula hakijaungua, yamefika mwisho. Ya tatu ni uzito. Yakimiminwa kwa kijiko yakiwa yamepoa, mafuta mazuri hudondoka, wakati yaliyochakaa hunyooka kama uzi. Ya nne ni harufu kali inayowasha pua, au harufu inayofanana na ya rangi ya mbao.

Moja ya dalili hizo ikionekana, hakuna ujanja wa kuyarudisha. Wapo wanaokaanga vipande vya tangawizi au kiazi ili kuondoa harufu, na wapo wanaoyachuja kwa kitambaa. Harufu inaweza kupungua na chenga zikatoka, lakini molekuli zilizovunjika zimeyeyuka ndani ya mafuta, na kitambaa hakiwezi kuzizuia.

Mwilini

Ushahidi kuhusu afya unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Malaysia waliwalisha panya mafuta yaliyopashwa moto mara tano na mara kumi. Shinikizo la damu la panya hao lilipanda, jambo ambalo halikutokea kwa waliokula mafuta mapya. Panya si binadamu, lakini huko Pizarra, mji ulio katika mkoa wa Málaga kusini mwa Hispania, watafiti waliingia majikoni mwa watu na kuchukua sampuli za mafuta waliyokuwa wakikaangia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba shinikizo la damu lilionekana zaidi kwa watu ambao mafuta yao yalikuwa na kampaundi nyingi za polari. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba mafuta ndiyo yaliyoleta ugonjwa, ila unaelekea upande uleule wa panya wa Malaysia.

Upo pia utafiti unaotuliza. Mwaka 2012 jarida la tiba la BMJ lilichapisha matokeo ya kufuatilia watu wazima 40,757 nchini Hispania kwa takriban miaka 11. Waliokula vyakula vya kukaangwa kwa wingi hawakuonekana kupata ugonjwa wa moyo zaidi ya wengine. Watafiti walisisitiza kwamba Wahispania hukaangia mafuta ya zeituni au alizeti, na kwamba matokeo hayo yasihamishwe kwenda nchi zenye mazoea mengine. Lawama ya moja kwa moja kwa kila chakula cha kukaangwa basi haina msingi. Hali ya mafuta ni sehemu ya swali.

Anayekaanga ana hatari yake mwenyewe. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka moshi wa kukaangia kwa joto kali katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa kuzingatia hasa tafiti za saratani ya mapafu miongoni mwa wanawake wa China. Mama anayepika maandazi kwenye jiko lisilo na dirisha huvuta moshi huo kila alfajiri, na mafuta yaliyochoka hufuka zaidi. Kupisha hewa na kubadilisha mafuta kabla hayajaanza kutoa moshi ni kinga kwake kabla ya kuwa kinga kwa wateja.

Nyumbani

Nyumbani mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu mafuta hukaa motoni muda mfupi. Mamlaka ya chakula ya India, FSSAI, hushauri mafuta yasitumike zaidi ya mara tatu, na huo ni mpaka mzuri kwa familia isiyo na kipimo, mradi dalili za povu na moshi zisitangulie. Chakula kikaushwe kwa kitambaa kabla ya kutumbukizwa ili maji yapungue, na mafuta yasiachwe yafuke. Kipande kidogo cha kiazi kikizama kisha kikapanda upesi huku kikizungukwa na mapovu, joto linatosha.

Moto ukizimwa, mafuta yaachwe yapoe mpaka chombo kishikike, kisha yachujwe kwa chujio lenye kitambaa siku hiyohiyo, chenga zisilale humo. Yahifadhiwe kwenye chupa ya kioo au dumu safi lililojaa hadi karibu na mdomo, lililofungwa vizuri na kuwekwa gizani, maana mwanga na hewa huendelea kuyaharibu hata yakiwa baridi. Mafuta ya samaki yatengwe na ya maandazi, kwa sababu ya harufu na kwa sababu ya wenye mzio wa samaki. Yale yaliyobaki kidogo tu kwenye kikaango kipana yasirudishwe chupani, kwani uso wake mkubwa umeyaweka wazi kwa hewa kuliko yaliyokuwa na kina.

Yaliyofika mwisho yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa huganda na kuziba mabomba, wala yasiuzwe kwa anayetaka kukaangia tena. India ilianzisha mpango uitwao RUCO mwaka 2018 kwa ajili hiyo hasa, ili mafuta yaliyochoka ya mahoteli yakusanywe na kugeuzwa dizeli ya mimea badala ya kurudi vibandani kwa bei rahisi. Biashara zinazotumia zaidi ya lita 50 kwa siku hutakiwa huko kutunza kumbukumbu za mafuta yaliyoingia, yaliyotumika na yaliyotupwa. Kwa kiasi cha nyumbani, mafuta yaliyochoka hukubali kutengenezewa sabuni ya magadi soda ya kufulia, au humwagiwa kwenye majivu na kutupwa pamoja na taka kavu yakiwa yamepoa.